Faharasa ya Istilahi Huanza na Dhana

Hotuba kwa wafasiri wa mifumo ya taarifa za afya

Ndugu mwenyekiti, wafasiri wenzangu, na nyinyi wahudumu wa afya mliokubali kuja kutusikiliza, hamjambo. Wakubwa zangu, shikamooni.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kujenga faharasa ya istilahi katika mradi wenye wafasiri wengi na lugha nyingi. Nitashika mfano mmoja tu, kwa sababu mambo haya yakisemwa kwa ujumla kila mtu huitikia kwa kichwa, kisha akirudi mezani kwake hutafsiri kama alivyozoea. Mfano wangu ni DHIS2, mfumo huria wa taarifa za afya ambao mizizi yake iko Afrika Kusini ya miaka ya 1990 na ambao leo unaendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei. Unatumika katika nchi zaidi ya 70. Kenya ilianza kuutumia nchi nzima mwaka 2011. Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zote zinautumia. Maana yake ni kwamba maandishi yale yale ya skrini yanaweza kusomwa kwa Kiingereza Kampala, kwa Kifaransa Kinshasa, kwa Kireno Maputo na kwa Kiswahili Dodoma, na takwimu zilizo nyuma yake ni za aina moja.

Istilahi za Kiswahili nitakazozitaja leo ni mapendekezo yangu. Msizichukue kama uamuzi wa chombo chochote. Ninazitumia kuonyesha jinsi uamuzi unavyofanywa na unavyotunzwa.

Tuanze na maneno mawili ya skrini: `Data element` na `Indicator`. Mfasiri wa kwanza amepewa kurasa za kuingiza takwimu, wa pili amepewa kurasa za ripoti. Wa kwanza anaona `Data element` juu ya orodha yenye majina kama "Wajawazito, hudhurio la kwanza" na "Watoto waliopata chanjo ya surua". Anajiambia kwamba hivi ndivyo viashiria vya afya tunavyovisikia kila siku kwenye semina, basi anaandika "kiashiria". Wa pili anaona `Indicator` na yeye anaandika "kiashiria". Hakuna aliyefanya kosa la lugha. Kila ukurasa, ukiusoma peke yake, unapendeza. Mhariri anayepitia faili moja moja hatagundua chochote.

Sasa mchukueni ofisa takwimu wa wilaya. Anasimamia vituo viwili. Katika kituo cha kwanza, wajawazito waliotarajiwa mwezi huu ni 120 na waliohudhuria kwa mara ya kwanza ni 84. Katika kituo cha pili walitarajiwa 30, wakahudhuria 27. Ile 84 na ile 27 ndizo `Data element`: ni hesabu ghafi, kitu kilichohesabiwa kwenye rejista. Anapotaka jumla ya wilaya anajumlisha, anapata 111, na yuko sahihi. `Indicator` ni kitu kingine kabisa. Ni fomula, yenye namba ya juu, namba ya chini na kizidisho. Kituo cha kwanza kina asilimia 70, cha pili kina asilimia 90. Ofisa huyu, ambaye skrini imemfundisha kwamba vyote ni "viashiria" na kwamba viashiria hujumlishwa, hawezi kujumlisha 70 na 90 kwa sababu atapata 160, na hata yeye anaona haiwezekani. Basi atafanya linaloonekana la busara, atachukua wastani, apate asilimia 80. Jibu sahihi ni 111 kwa 150, yaani asilimia 74. Kituo kidogo chenye wanawake 30 kimepewa uzito sawa na kituo chenye wanawake 120.

Mfumo wenyewe ukiachwa ufanye hesabu utaleta 74, kwa sababu unajumlisha namba za juu kwanza, kisha za chini, ndipo unagawanya. Lakini mtu anayenakili takwimu kwenye daftari lake la mkutano hutegemea maneno aliyoyasoma. Nimeanza na hili kwa makusudi, kwani watu wengi hudhani faharasa inatengenezwa ili maandishi yaonekane nadhifu. Faharasa inatengenezwa ili vitu viwili tofauti visipewe jina moja, na kitu kimoja kisipewe majina mawili. Kati ya makosa hayo mawili, la kwanza ni baya zaidi. Msomaji akikuta "kiashiria" hapa na "kipimo" pale kwa kitu kimoja, atasumbuka kidogo halafu ataelewa. Akikuta "kiashiria" kwa vitu viwili hatasumbuka hata kidogo, na hapo ndipo anapopotea.

Kwa hiyo faharasa tunaijenga kwa dhana. Kila dhana inapewa namba yake, inapewa fasili, na chini ya namba hiyo ndipo maneno ya kila lugha yanapangwa. Kanzidata ya istilahi ya Umoja wa Ulaya, IATE, inayohudumia lugha rasmi 24, imepangwa hivyo hivyo: kila kiingilio ni dhana, na lugha zote zinaning'inia chini yake. Ukijenga orodha ya maneno mawili mawili, Kiingereza kushoto na Kiswahili kulia, utakwama siku utakapokuta neno moja la Kiingereza lenye maana mbili ndani ya mfumo mmoja. Na utalikuta.

Fasili nayo iandikwe kwa lugha ya mtumiaji, si ya mhandisi. Kwa `Data element` mimi ningeandika: "Jambo moja linalohesabiwa au kuandikwa kituoni kwa kipindi fulani, kabla ya kufanyiwa hesabu nyingine. Kwa kawaida thamani zake za vituo mbalimbali hujumlishwa." Kwa `Indicator`: "Thamani inayopatikana kwa fomula ya kugawanya, aghalabu asilimia au kiwango. Thamani zake za vituo mbalimbali hazijumlishwi." Tazameni, kila fasili inamtaja ndugu yake bila kumtaja jina. Fasili nzuri ni ile inayokuonyesha mpaka kati ya dhana hii na ile iliyo jirani. Fasili inayosema "kiashiria ni kitu kinachoashiria hali fulani" ni ya kweli na haina kazi.

Baada ya hapo ndipo tunatafuta neno. "Kiashiria" nimelipa `Indicator`, na `Data element` nimeipa "kipengele cha data". Si neno tamu sana, nakubali. Ila halitachanganywa na jingine.

Maneno ya kuingia kwenye faharasa tunayapataje? Kishawishi kikubwa ni kuchukua kila nomino iliyo kwenye faili na kuanza kuitafsiri, mpaka faharasa inakuwa kamusi ya maneno elfu mbili ambayo hakuna anayeifungua. Mimi husema tuanze na mia moja hivi. Neno linastahili kuingia kama maana yake ndani ya mfumo ni tofauti na maana yake mtaani, au kama wafasiri wawili wazuri wangelitafsiri tofauti bila kushauriana, au kama lina ndugu wa karibu anayeweza kuchanganywa nalo. `Name` haistahili, kila mtu ataandika "jina". `Period` inastahili. `Save` inastahili, kwa sababu mmoja ataandika "hifadhi", mwingine "weka", mwingine "tunza", na mtumiaji atadhani ni vitufe vitatu vyenye kazi tatu.

Tukishapata wagombea, nguvu nyingi ziende katika kusikiliza kabla ya kubuni. Tanzania ina bahati moja ambayo wafasiri wa programu huisahau. Vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, vimekuwa kwenye meza za zahanati kwa miaka mingi, navyo vina Kiswahili. Muuguzi ameshajaza "hudhurio la kwanza" na "marudio" mara zisizohesabika kwa kalamu. Mfasiri akija na "ziara ya awali" kwa sababu kamusi imemwambia hivyo, amemnyang'anya muuguzi neno lake na kumpa geni lisilomsaidia. Kwa hiyo rejista kwanza, halafu istilahi zilizosanifiwa na BAKITA, na kubuni kuje mwisho kabisa. Kenya hali ni nyingine. Fomu za Wizara ya Afya kama MOH 711 zimeandikwa kwa Kiingereza, na muuguzi wa huko amezoea kusema dhana hizi kwa Kiingereza hata katikati ya mazungumzo ya Kiswahili. Kwake neno letu litakuwa jipya vyovyote vile, na kwa hiyo tunapaswa kulijaribu kwake kwa ukali zaidi.

Kulijaribu si kumwuliza "unalipenda neno hili?" Mtu mstaarabu atakujibu ndiyo ili usivunjike moyo. Mwonyeshe skrini, mwombe akuambie anatarajia nini kitatokea akibonyeza hapo, kisha unyamaze.

Neno `Program` ni mfano mzuri wa jaribio hilo. Katika DHIS2, `Program` mara nyingi ni utaratibu wa huduma anaoandikishwa mtu au kitu kinachofuatiliwa, wenye hatua zake: mama mjamzito anaandikishwa, anarudi hudhurio la pili, la tatu, hadi kujifungua. Mkono wa mfasiri unakwenda wenyewe kwenye "programu". Lakini mwambie mtumiaji "chagua programu", atatafuta alama za programu kwenye simu yake, kwa sababu kwa Kiswahili cha leo programu ni kitu kilichomo ndani ya simu na kompyuta. Wizara kwa upande wake imekuwa ikisema "mpango" siku zote. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Malaria unajulikana na kila aliyewahi kupewa chandarua kliniki. Basi `Program` ni "mpango", na katika safu ya maneno ya kuepuka tunaandika "programu". Safu hiyo ya kuepuka wengi huiacha wazi. Mimi naiona ina thamani kuliko safu ya neno lililokubaliwa, kwa sababu ndiyo inayomkuta mfasiri mpya pale pale anapotaka kuteleza.

Hebu niguse tatizo ambalo faharasa zilizotungwa kwa kufuata Kiingereza hazilioni kabisa, nalo ni ngeli. Mfumo una dhana iitwayo `Tracked entity`. Ni kile kinachofuatiliwa: mara nyingi mtu, lakini yaweza kuwa sampuli ya maabara au shehena ya dawa. Kiingereza hakijali. Sisi tukisema "mfuatiliwa" tumeshaamua kwamba ni kiumbe hai, na sentensi zote zitafuata: "mfuatiliwa amehamishwa", "wafuatiliwa wapya". Weka hapo sampuli ya makohozi uone. Tukisema "kifuatiliwa" tunamshusha mgonjwa kuwa kitu, na yeyote aliyekulia katika lugha hii atahisi dharau iliyomo. Suluhisho ni kutafuta nomino ya ngeli isiyojifunga kwa uhai, na neno "huluki" linafaa: "huluki inayofuatiliwa", "huluki zinazofuatiliwa". Mtaniambia huluki si neno la kliniki. Kweli. Lakini DHIS2 inamruhusu msimamizi wa mfumo kuipa kila aina ya huluki jina lake, kwa hiyo muuguzi ataona "Mtoto" au "Mjamzito", na "huluki" itabaki kwenye kurasa za msimamizi. Jambo hilo, kwamba neno linaonwa na nani, nalo linaandikwa kwenye faharasa. Neno gumu mbele ya wasimamizi wachache linavumilika. Neno hilo hilo mbele ya wauguzi wote wa nchi halivumiliki.

Kwa sababu ya ngeli, kila kiingilio cha Kiswahili kiwe na umbo la wingi, na kwa maneno ya mkopo upatanisho wake pia. Timu nyingi hukubaliana kuandika "data" kisha nusu wakaandika "data hizi" na nusu "data haya". Amueni moja, mliandike, msibishane tena.

Sasa nchi na nchi. Kuna watu wanaotaka faharasa ya Tanzania iwe yake na ya Kenya iwe yake, na wengine wanaotaka moja isiyotambua tofauti yoyote. Mimi nasema iwe moja, na tofauti ziandikwe pale zinapokuwa za kweli tu. Ukizichunguza utaona nyingi zinazodaiwa kuwa tofauti za istilahi si istilahi hata kidogo. Tanzania ina mkoa, halmashauri na kata. Kenya ina kaunti, kaunti ndogo na wadi. Kongo ina jimbo na zoni ya afya. Hayo ni majina ya ngazi, kila nchi huyaingiza yenyewe kwenye mfumo wake, na mfasiri wa skrini hapaswi kuyagusa. Kinachomhusu ni dhana ya juu yake, `Organisation unit`: sehemu yoyote kwenye mti wa utawala wa huduma, kuanzia taifa hadi zahanati. Wengi huandika "kituo", kwa sababu mara nyingi mtumiaji huchagua kituo. Ofisa anayetaka ripoti ya wilaya nzima akisoma "Chagua kituo" anadhani ukurasa huo haumhusu. "Kitengo" kinabeba ngazi zote bila kutaja mojawapo.

Nani anaamua? Hapa nina msimamo ambao si wote wanaupenda. Istilahi haipigiwi kura. Kura hulipa ushindi neno lililozoeleka na wafasiri walio wengi kwenye kikundi, nao mara nyingi si watumiaji. Awepo mtunzaji mmoja wa faharasa kwa kila lugha, mwenye jina linalojulikana na timu. Yeyote anaweza kupendekeza, kwa maandishi, akitaja dhana, neno, neno linaloepukwa, na mahali pawili kwenye skrini linapotokea. Wawili wanasoma pendekezo: mmoja mjuzi wa lugha, mmoja mjuzi wa kazi yenyewe, yaani mtu aliyewahi kujaza zile fomu. Zikipita wiki mbili bila pingamizi lenye sababu, mtunzaji analiweka. Likiwa na pingamizi, bado anaweka neno, ila hali yake inaandikwa "la muda". Neno la muda linalotumiwa na wote linasahihishika kwa mkupuo mmoja. Maneno sita yaliyosambaa yakingojea mkutano hayasahihishiki kirahisi hivyo.

Na kwa kuwa mradi una lugha nyingi, swali la lugha moja mara nyingi ni swali la zote. Mfasiri wa Kireno akiuliza kama `Event`, yaani tukio linaloandikwa kwenye mfumo, ni lazima ihusishwe na mtu aliyeandikishwa, na jibu likawa hapana, jibu hilo lisiishie kwenye barua za timu ya Kireno. Liingizwe kwenye fasili, kwenye kiingilio cha dhana, ambako Mswahili na Mnyarwanda watalikuta. Watunzaji wa lugha mbalimbali wakikutana mara kwa mara kwa saa moja, hilo ndilo la kuzungumza: fasili. Maneno ya lugha yangu sihitaji kuyatetea mbele ya mtu asiyeijua.

Kwa umbo la faili sina makuu. Jedwali la kawaida linatosha kuanzia, na baadaye likihitaji kuhamishwa kati ya vyombo kuna umbo la TBX, ambalo ni kiwango cha ISO 30042. Safu chache kati ya zile ninazozitumia, nikiacha fasili kwa sababu ya urefu, ni hizi:

```
id,en,sw,wingi,shina,hali,epuka
D014,indicator,kiashiria,viashiria,ashiria,imekubaliwa,kiashirio;kipimo
D015,data element,kipengele cha data,vipengele vya data,pengele,imekubaliwa,kiashiria
D022,program,mpango,mipango,pango,imekubaliwa,programu
```

Itazameni safu ya `shina`, maana ndiyo inayoniwezesha kukagua. Vyombo vya kutafsiria kama Weblate humwonyesha mfasiri istilahi pembeni mwa sentensi anayoifanyia kazi, na hilo ni msaada mkubwa. Lakini ukaguzi unaotafuta neno kama lilivyoandikwa haukuwekewa akili ya Kiswahili. Faharasa ikisema "kiashiria" na mfasiri akaandika, kwa usahihi kabisa, "viashiria vitatu", chombo kitapiga kelele. Kikipiga kelele za uongo mara nyingi, wafasiri huacha kukisikiliza, na siku ya kosa la kweli hakuna anayetazama. Sisi maneno yetu hubadilika mwanzoni, kwa hiyo tunatafuta kipande kisichobadilika. Kwa `Save` shina ni "hifadh", ili "hifadhi" na "imehifadhiwa" zote zipite. Lakini shina lisiwe fupi mno. Nikiandika "ashiri" badala ya "ashiria", basi "kiashirio", ambalo tumeliacha, nalo litapita.

Skripti yenyewe ni fupi. Inahitaji Python na maktaba ya `polib`, inayosoma faili za tafsiri za aina ya `.po`:

```python
import csv, re, polib
po = polib.pofile("sw.po")
for t in csv.DictReader(open("istilahi.csv", encoding="utf-8")):
    neno = re.compile(r"\b" + re.escape(t["en"]) + r"s?\b", re.I)
    for e in po.translated_entries():
        sw = e.msgstr or " ".join(e.msgstr_plural.values())
        if neno.search(e.msgid) and t["shina"] not in sw.lower():
            print(t["id"], "|", e.msgid, "|", sw)
```

Inachofanya ni kupita kila istilahi, kutafuta kila sentensi ya Kiingereza iliyo nayo, na kuchapisha zile ambazo tafsiri yake haina shina lililokubaliwa. Inachochapisha si orodha ya makosa. Ni orodha ya mahali pa kutazama, na lazima asome mtu. Mkiwa na istilahi `period` yenye neno "kipindi", skripti itawaletea `Last menstrual period`, na hapo mfasiri aliyeandika "hedhi ya mwisho" yuko sahihi. Itawaletea `Loading indicator`, ile alama inayozunguka skrini ikisubiriwa, ambayo haina uhusiano wowote na viashiria vya afya. Matokeo kama hayo yana faida yake: yanawaonyesha kwamba neno moja la Kiingereza limebeba dhana mbili, basi mnafungua kiingilio kipya chenye namba yake.

Endesheni ukaguzi huo kila wiki, si siku moja kabla ya toleo. Kisha soma matokeo kwa kuyapanga kwa istilahi, si kwa faili. Sentensi moja iliyokosea kati ya arobaini ni mfasiri aliyepitiwa. Lakini mkikuta nusu ya sentensi za neno moja zimekwenda kinyume, na wafasiri waliozifanya ni watu tofauti, usiwapigie simu. Neno lenu ndilo halifai, au fasili haieleweki. Wafasiri wazuri hawakubaliani kukosea kwa pamoja.

Na hilo linanifikisha kwenye kubadilisha istilahi, jambo linaloharibu miradi kuliko kuchagua vibaya mwanzoni. Tuseme baada ya mwaka tunagundua "kipengele cha data" hakieleweki vituoni, na tuna neno bora. Kwanza, neno la zamani halifutwi kwenye faharasa. Linahamia kwenye safu ya kuepuka, pamoja na tarehe, kwa sababu lipo kwenye miongozo iliyochapishwa na kwenye vichwa vya watu waliofunzwa, na kuna siku mtu atauliza lilikwenda wapi. Pili, mabadiliko hufanywa kwa mkupuo mmoja, sentensi zote pamoja, na huingia na toleo jipya, kamwe katikati ya wiki ya kufunga ripoti za mwezi. Tatu, tafsiri hazibadilishwi kwa "tafuta na badilisha" bila kusomwa. Ukitoka kwenye neno la KI-VI kwenda la ngeli nyingine, kila kivumishi na kila kitenzi kilichokuwa kinakubaliana nalo kitabaki yatima. "Kipengele kipya kimehifadhiwa" haiwi sahihi kwa kubadilisha neno la kwanza pekee.

Nne, na hili ndilo husahaulika karibu kila mahali, safisheni kumbukumbu ya tafsiri siku hiyo hiyo. Kumbukumbu ya tafsiri ni ile hazina inayohifadhi kila sentensi iliyowahi kutafsiriwa na kumletea mfasiri inapojirudia. Faharasa yenu itasema neno jipya, lakini kumbukumbu itaendelea kutoa sentensi nzima yenye neno la zamani, ikiwa imeandikwa inalingana kwa asilimia 100. Mfasiri aliyechoka saa nne usiku ataamini ipi? Atabonyeza "kubali". Baada ya miezi michache neno mlilolizika litakuwa limerudi kwenye kurasa ambazo hazikuwepo mlipolizika. Dalili yake ni rahisi kuiona kwenye matokeo ya ukaguzi: neno la zamani linatokea kwenye sentensi mpya, tena kwa wafasiri waliojiunga baada ya mabadiliko, watu ambao hawakuwahi kufundishwa neno hilo. Kwa kawaida watakuwa wamelipata kwenye kumbukumbu. Toeni nakala ya kumbukumbu, zitafuteni sentensi zote zenye neno la zamani, zisahihisheni au zifuteni, mrudishe.

Baada ya chai tutagawanyika kwa meza. Kila meza itapata skrini kumi za mfumo na mhudumu mmoja wa afya, na kazi ya kwanza ni fasili: hakuna kupendekeza neno la Kiswahili mpaka mezani mmekubaliana dhana ni ipi na inapakana na nini. Kabla ya hapo nakaribisha maswali. Tuanze na dada yule wa nyuma, ambaye ameinua mkono tangu nilipoikataa "programu".